USDT 412 zimeingia kwenye pochi na kutoka dakika hiyo hiyo, maneno 12 hajampa mtu. Nisaidieni kulisoma hili

FundiMwembeTayari

Waungwana, asalaam aleikum na habari za asubuhi. Nina duka la kutengeneza simu hapa Mwembe Tayari. Mambo ya skrini na chaji nayajua, haya ya kripto nayapapasa tu.

Jana usiku mpwa wangu amenijia machozi yakimlengalenga. Kijana hutafsiri manukuu ya video kwa wateja wa nje na hulipwa USDT, tokeni inayofuata thamani ya dola, kwa BEP-20 yaani mtandao wa BNB (BSC), kwenye pochi ya MetaMask ya simu. Saa tatu na dakika 14 zimeingia USDT 412, ambazo akiziuza ni kama Sh53,000. Dakika hiyo hiyo zikatoka zote. Yeye alikuwa kwenye feri akivuka Likoni, simu mfukoni, hakubonyeza kitu.

Simu nimeikagua. Hakuna programu ngeni, hakuna APK ya kuokota, laini inafanya kazi kwa hivyo si mambo ya kubadilishiwa laini. Yale maneno 12 ya kufungulia pochi yamo kwenye daftari nyumbani Mtongwe na hajawahi kuyapiga picha. Nilitaka niifute simu yote ianze upya, lakini kabla sijaharibu ushahidi nauliza: pesa hutokaje kama mwenyewe hakubonyeza?

KaaLaMoto

Pole sana ndugu yangu. Kama ni jana usiku hamjachelewa. Mwambie kijana apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 sasa hivi, wakiwahi kabla mtu hajatoa kwa wakala pesa hurudi. Shemeji yangu wa Mikindani alirudishiwa yote.

FundiMwembeTayari

Ami, M-Pesa haikuguswa kabisa. Hazijafika huko. Ni tokeni zimetoka kwenye pochi ya mtandaoni kwenda anwani ya mtu tusiyemjua.

KaaLaMoto

Basi hapo sijui. Lakini jaribuni 456, kuuliza si ujinga.

Mgema_Bamburi

Mimi nasema wazi: huyo kijana aliunganisha pochi kwenye tovuti ya eadropu. Hizi tovuti za "dai tokeni zako za bure" ukishabonyeza `Connect` tu wameshayasoma maneno 12 yako, mchezo umekwisha. Mwambie atupe pochi hiyo na asiunganishe tena popote maisha yake yote. Mimi tangu 2021 sijaunganisha pochi na tovuti yoyote na sijaibiwa hata senti.

BintiKibokoni

Fundi, usiifute simu. Pole kwanza kwa kijana.

Mgema una haki kwenye nusu ya maneno yako. Ninashuku eadropu pia. Lakini `Connect` haisomi maneno 12, na hakuna tovuti inayoweza kuyasoma kwa kuunganishwa. Kinachopita pale ni anwani ya pochi, na mwenye anwani ataona una nini ndani, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliona hata bila kuunganishwa. Hatari ya `Connect` ni kwamba baada yake tovuti inaweza kukuletea maombi ya kusaini. Wizi uko kwenye saini inayofuata.

Sasa Fundi, nijibu mambo mawili kabla sijabahatisha. La kwanza, kwenye pochi hiyo hiyo kuna BNB, sarafu ya mtandao wenyewe, imebaki? Hata kidogo sana. La pili, fungua BscScan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya mtandao huo, weka anwani ya kijana, ingia kwenye muamala uliotoa hizo 412, uniambie juu kabisa pale kwenye `From` pana anwani ya nani. Ni ya kijana au ya mtu mwingine?

FundiMwembeTayari

Dada, shukran. BNB ipo, 0.006. Haijaguswa. Na kuna tokeni nyingine ya mchezo fulani, haina thamani, nayo ipo.

Hiyo `From` si ya kijana! Ni anwani ngeni kabisa. Jina la kijana (anwani yake namaanisha) linatokea chini, kwenye mistari ya tokeni zilizohamishwa. Mistari ni miwili. Wa kwanza 82.4 kwenda anwani moja, wa pili 329.6 kwenda anwani nyingine. Mbona wamegawa?

BintiKibokoni

Umesoma vizuri, na hapo jibu lishaanza kuonekana.

Angalia BNB kwanza. Mtu akiwa na maneno 12 yako, yeye ni wewe. Hachagui. Anachukua USDT na BNB pia, tena mara nyingi huacha roboti inayonyakua BNB yoyote utakayotuma baadaye hata kabla hujaitumia kulipia gesi, yaani ada ya muamala. Hapa BNB ya kama Sh500 au zaidi imelala salama. Kwa hivyo aliyechukua hana funguo za pochi. Alikuwa na ruhusa ya USDT peke yake.

Na `From` inasema jambo hilo hilo. Kama muamala ungeanzishwa na pochi ya kijana, `From` ingekuwa anwani yake na gesi ingelipwa na yeye. Huu ulianzishwa na mwizi, gesi kalipa mwizi, na mkataba wa USDT, yaani programu iliyoko kwenye mtandao inayoshika hesabu za tokeni hiyo, ukakubali kuhamisha pesa za kijana kwa sababu huko nyuma kijana aliuambia ukubali. Ndiyo maana simu ilikuwa mfukoni na pesa zikatoka. Si lazima mwenyewe awepo.

Kuhusu mgawanyo: piga hesabu. 82.4 ni asilimia 20 ya 412, na 329.6 ni asilimia 80. Hii ni alama ya vifaa vya kukodisha. Wapo watu wanaoandika programu ya kunyonya pochi, na wapo wanaoikodi na kutengeneza tovuti ya uongo na kusambaza viungo. Mwenye programu hukata fungu lake ndani ya muamala wenyewe. Inferno Drainer, iliyotangaza kufunga mwishoni mwa 2023, ilijulikana kwa makato ya asilimia 20. Sisemi ni hao, maana mtindo huo wameuiga wengi. Nasema kijana hakuibiwa na rafiki yake aliyeona daftari.

Sasa nenda `bscscan.com/tokenapprovalchecker`, weka anwani yake, huhitaji kuunganisha pochi kutazama. Tafuta mstari wa USDT. Niambie tarehe, na kiasi kilichoidhinishwa.

SaidiBandari

Nafuatilia. Mimi nina swali langu. Kwenye pochi yangu imeingia tokeni sikuinunua, jina lake ni anwani ya tovuti, na inaonyesha thamani ya dola 1,900. Nikijaribu kuiuza inakataa, inasema niende kwenye hiyo tovuti nikadai. Niende au nisiende? Nina haja na hizo pesa, karo ya Januari imekaribia.

Mgema_Bamburi

Saidi!! Uzi mzima unalia kuhusu hilo hilo.

FundiMwembeTayari

Nimeona. USDT, tarehe ni wiki tatu nyuma, na pale kwenye kiasi pameandikwa `Unlimited`. Aliyeidhinishwa ni anwani ya mkataba, na mkataba huo huo ndio ulioitwa kwenye muamala wa jana.

Nimemkalisha kijana na kahawa chungu na nimemuuliza kwa upole. Amesema. Wiki hizo tatu zilizopita alitumiwa kiungo kwenye kundi la Telegramu, mradi unaojulikana unagawa tokeni, ukiwahi unapata zaidi. Akaunganisha, akabonyeza `Claim`, MetaMask ikaleta dirisha, akakubali. Wakati huo alikuwa na USDT 18 tu. Zikapotea. Akadhani ni ada ya kudai, akaona aibu, akanyamaza.

Lakini yuasema alijisafisha! Aliingia kwenye orodha ya tovuti zilizounganishwa akabonyeza `Disconnect`. Akafuta MetaMask, akaipakua upya, akaingiza maneno yake 12. Sasa hiyo ruhusa imebaki wapi?

BintiKibokoni

Imebaki kwenye mtandao, ndani ya mkataba wa USDT wenyewe. Simu haina habari nayo.

Hili ndilo watu hawaambiwi. `Disconnect` inavunja mazungumzo kati ya tovuti na programu yako. Ni sawa na kumtoa mpangaji nyumbani na kumwachia nakala ya ufunguo. Ruhusa ni kumbukumbu iliyoandikwa kwenye daftari la mkataba: anwani hii imeruhusu anwani ile kutoa kiasi hiki. Kufuta programu, kubadilisha simu, kubadilisha nenosiri la MetaMask, hakuna hata moja linalogusa daftari hilo. Na akiingiza maneno yale yale 12, anwani ni ile ile, ruhusa ni ile ile.

Alichosaini kijana, ukiondoa rangi za tovuti, ni hiki:

```
approve(spender, amount)
spender = mkataba wa mwizi
amount  = 115792089237316195423570985008687907853269984665640564039457584007913129639935
```

Hiyo namba ndefu ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa hapo. Pochi huifupisha ikaandika `Unlimited`. Kwa maana hiyo hakuruhusu zitolewe 18 alizokuwa nazo. Aliruhusu kila USDT itakayowahi kukaa kwenye anwani hiyo. Mwizi akachukua 18, akaiweka anwani kwenye orodha ya roboti yake, akaendelea na maisha. Jana mshahara ulipoingia, roboti ikaona salio si sifuri tena, ikaita `transferFrom`, amri ya kuhamisha tokeni za aliyetoa ruhusa. Hapo hakuna haja ya mtu kuwa macho.

Na kwenye data ghafi ya muamala ule wa wiki tatu, ukitaka kuhakikisha, utaona unaanza na `0x095ea7b3`. Hiyo ndiyo alama ya `approve`. Mwisho wake utaona `ffff` mstari mzima, ndiyo ile namba kubwa.

Saidi, usiende. Tokeni kukaa kwenye pochi haidhuru, mtu yeyote anaweza kumtumia mtu yeyote tokeni bila kumuuliza. Ile dola 1,900 ni bei waliyoitengeneza wenyewe, na kukataa kuuzika ni makusudi ili uende kwenye tovuti yao. Iache hapo au uifiche isionekane. Usijaribu hata kuituma kwingine.

SaidiBandari

Nimeelewa dada. Inauma lakini nimeelewa.

NyaliPixel

Mimi ni mtu wa sanaa za NFT na naomba kusahihisha kidogo. Si kila anayeomba `approve` ni mwizi. Nikiweka kazi yangu sokoni lazima niidhinishe soko lihamishe kazi mnunuzi akilipa. Bila hilo hakuna biashara. Mkiwatisha watu hivi wataogopa kila kitu.

Ila ni kweli kwamba kwenye upande wetu ni mbaya zaidi, maana ombi ni `setApprovalForAll`. Hilo halina kiasi. Ni ndiyo au hapana kwa kila kitu ulichonacho kwenye mkusanyiko huo. Rafiki yangu alibonyeza `Mint` kwenye tovuti ya uongo, akidhani anapokea picha moja ya bure, zikaenda zake zote za mkusanyiko aliouthamini.

BintiKibokoni

NyaliPixel uko sawa, na sijasema `approve` ni wizi. Ubadilishaji wa tokeni wa kawaida nao huanza na `approve`. Swali ni: kazi uliyokuja kuifanya inahitaji ruhusa hiyo?

Mtu anayekupa tokeni hana sababu ya kugusa ulizonazo. Ukidai eadropu ya kweli, mkataba wao unakutumia wewe, na wewe unalipa gesi basi. Haihitaji ruhusa juu ya USDT yako hata ya senti moja. Kwa hivyo dirisha la pochi likisema `Spending cap request` na chini likataja USDT, wakati tovuti imeandika `Claim`, hapo hakuna la kujadili. Kitufe cha tovuti ni maandishi tu, mwenye tovuti anaandika anachotaka. Dirisha la pochi ndilo linalokuonyesha unachosaini.

Kwenye kutengeneza NFT kuna ukungu kidogo. Ukilipia kwa ETH au BNB, ruhusa haihitajiki, pesa inakwenda na muamala wenyewe. Ukilipia kwa USDC, tokeni nyingine ya dola, ruhusa inahitajika kweli, lakini ya bei ile. Kitu ni cha USDC 25, ruhusa iwe 25. MetaMask inakuachia kuhariri kiasi kabla ya kukubali. Wengi hatuhariri kwa uvivu.

Mgema_Bamburi

Nakubali kwenye la maneno 12, nilikuwa nimesikia hivyo na sikulichunguza. Lakini msimamo wangu haujabadilika. Usipounganisha hutaombwa saini, usipoombwa saini hutaibiwa. Ni hesabu nyepesi. Pia BNB yenyewe si wanaiba? Nimeona watu Kisauni wamelia BNB.

BintiKibokoni

Kama huna kazi na tovuti hizo, msimamo wako ni mzuri kuliko maelezo yangu yote.

BNB kwenye BSC, au ETH kwenye Ethereum, haina `approve`. Ile ni sarafu ya mtandao wenyewe, si mkataba, hakuna daftari la kuandika ruhusa. Kwa hivyo wakiitaka inabidi wewe mwenyewe uitume. Huwa wanaupa mkataba wao jina tamu, muamala unajiita `Claim` au `SecurityUpdate`, na ndani kiasi kinachotumwa ni karibu BNB yako yote. Pochi nyingi sasa zinakuonyesha makadirio: unatoa nini, unapokea nini. Ukiona upande wa kupokea mtupu na upande wa kutoa umejaa, ondoka. Nitaongeza kwamba makadirio hayo yana mipaka, kuna mikataba iliyotengenezwa ili ijionyeshe safi wakati wa kukadiriwa na ibadilike muamala ukipita kweli. Kwa hivyo ni msaada, si kinga.

MtuWaGanjoni

Kiungo kilitoka wapi hasa? Kama ni ukurasa rasmi wa mradi wenye alama ya buluu, mtu anajikingaje?

FundiMwembeTayari

Alikiona kwenye kundi, lakini yuasema kilikuwa kimepachikwa kutoka akaunti ya X yenye alama. Sasa haipo.

NyaliPixel

Alama si kitu. Septemba 2023 akaunti ya Vitalik Buterin mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, ilitekwa, wakaweka kiungo cha NFT ya kumbukumbu ya bure. Watu waliunganisha pochi wakaibiwa kwa pamoja zaidi ya dola 600,000 kabla kiungo hakijafutwa. Na Januari 2024 ilitekwa akaunti ya Mandiant, kampuni ya usalama wa mitandao, nayo ikatangaza eadropu ya uongo. Kampuni ambayo kazi yake ni kuchunguza wadukuzi!

MtuWaGanjoni

Kumbe. Basi sisi wa kawaida tutasalimika wapi.

Rejesha_Haraka

*[Ujumbe umeondolewa na msimamizi: kutangaza huduma ya "kurudisha kripto"]*

Msimamizi

Nimemwondoa mtu aliyekuwa akitoa namba ya "mtaalamu" wa kurudisha tokeni. Fundi, wameshaanza pia kukufuata kwenye ujumbe wa siri?

FundiMwembeTayari

Wawili. Mmoja anataka dola 50 ya kufungua faili. Mwingine anataka maneno 12 "ili aingie kuzuia mwizi".

Msimamizi

Huyo wa pili ndiye angekamilisha kazi. Usiwajibu, nitumie majina yao.

KaaLaMoto

Hawa kampuni ya Tether, wenye USDT, si wanaweza kuzigandisha? Nimesoma wanazuia anwani za wezi. Waandikieni.

BintiKibokoni

Tether wanaweza kugandisha USDT wanayoitoa wenyewe, mfano kwenye Ethereum au Tron, na wamefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Lakini USDT ya kijana ilikuwa BEP-20. Hiyo imetolewa na Binance kwa kuwekewa dhamana, Tether hawana mkono kwenye mkataba ule. Na hata ingekuwa ya Tether, anwani za aina hii hubadilisha pesa haraka kuwa sarafu isiyogandishika.

Kuripoti aripoti. Apeleke namba ya muamala, anwani mbili zilizopokea, ile anwani ya mkataba, na tarehe ya ile `approve`. Sheria ipo, ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018. Kinachoweza kusaidia ni kama siku moja pesa zikipita kwenye soko linalomjua mteja wake kwa kitambulisho, hapo polisi wana mlango wa kubisha. Sitawadanganya kwamba hutokea mara nyingi kwa kiasi cha 412.

MtuWaGanjoni

Nilishapeleka kesi kama hii kituoni mwaka jana. Ofisa alinisikiliza vizuri kusema kweli, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika anwani ya pochi, tukaiandika pembeni. Mpaka leo kimya. Nadhani mtu aende tu moja kwa moja kwa wa makosa ya mitandao wa DCI.

FundiMwembeTayari

Sawa. Sasa tufanye nini na pochi yenyewe? Mteja wake anamlipa tena Jumatatu. Yuasema akimwambia abadilishe anwani mteja ataogopa.

BintiKibokoni

Afute ruhusa kabla ya Jumatatu. Pale pale kwenye ukurasa wa BscScan, au `revoke.cash`, mnaunganisha pochi, mnachagua mtandao wa BNB, mnatafuta mstari wa USDT, mnabonyeza `Revoke`. Pochi italeta dirisha la `approve` kwa mkataba ule ule, lakini kiasi ni 0. Someni hapo, sifuri. Gesi ni shilingi chache, ile 0.006 BNB inatosha na itabaki.

Andikeni anwani ya tovuti kwa mkono. Msitafute kwenye Google mkabonyeza cha juu, maana wezi hulipia matangazo ya tovuti za uongo za "kufuta ruhusa", na mtu aliyeibiwa huwa na haraka. Atakuwa anasaini wizi wa pili akidhani anajitibu.

Kisha tazameni mistari mingine yote. Tovuti moja huweza kuomba zaidi ya tokeni moja.

Mgema_Bamburi

Kwa nini asihamie pochi mpya tu? Kufuta mstari mmoja mmoja ni kujisumbua. Mteja ataelewa akielezwa.

BintiKibokoni

Hapa kweli Mgema ana hoja, na nitaeleza kwa nini silali upande mmoja.

Ile ya kijana ilikuwa `approve` ya kawaida, iko wazi kwenye mtandao, tumeiona, tukiifuta imekwisha. Lakini kuna ruhusa ya pili isiyopita kwenye mtandao wakati wa kusaini. Inaitwa `permit`. Mtu anasaini ujumbe tu, hakuna gesi, hakuna muamala, na mwizi anabaki na saini mkononi. Anaiwasilisha mwenyewe siku anayotaka, mradi muda ulioandikwa ndani haujapita, na wao huandika muda mrefu. Kabla haijatumika haionekani kwenye orodha yoyote. USDC kwenye Ethereum inakubali hiyo. Na kuna `Permit2`, mkataba wa ruhusa wa Uniswap, soko la kubadilishia tokeni; aliyewahi kuuidhinisha mkataba huo kwa tokeni zake anaweza kuibiwa tokeni hizo kwa saini moja ya bure. Watu huona "haina gesi" wakatulia, kumbe hilo lilipaswa kuwashtua.

USDT hii ya BEP-20 haina `permit`, kwa hivyo kwa tokeni hiyo nina imani na kufuta. Kama kijana ana tokeni nyingine zilizo na `permit`, au hakumbuki amesaini mangapi, pochi mpya yenye maneno mapya ndiyo njia. Maneno mapya kabisa, au angalau akaunti nyingine ndani ya MetaMask, maana ruhusa hufungwa na anwani.

NyaliPixel

Mimi nina anwani mbili. Moja ya kupokea malipo, haijawahi kusaini kitu kwa tovuti yoyote. Nyingine ya kuchezea, naweka thamani ya chai na mahamri. Soko na tovuti zote zinaiona hiyo ya pili.

FundiMwembeTayari

Tumefanya. Tumeingia `revoke.cash` kwa kuandika. USDT tumeifuta, dirisha limeonyesha 0, tumesubiri, tumerudi BscScan mstari umeondoka. Kwenye orodha tumekuta mstari mwingine, ile tokeni ya mchezo, mkataba ule ule wa mwizi, siku ile ile. Tumeufuta pia. BNB imebaki 0.0059 na kitu.

Tumeongeza akaunti ya pili ndani ya MetaMask, hiyo itapokea mshahara. Mteja ameandikiwa, kasema sawa, ila ametaka simu ya video kwanza ahakikishe ni kijana mwenyewe anayebadilisha anwani. Nimempenda huyo mteja.

BintiKibokoni

Mteja mwenye akili. Fundi, akaunti ya pili isiunganishwe kwa bahati mbaya. MetaMask huuliza ni akaunti zipi zionekane kwa tovuti, aangalie alama za tiki hapo.

MtuWaGanjoni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mimi hutumia USDT ya TRC-20, yaani mtandao wa Tron, kwa kuwa wauzaji wengi wa P2P huku Pwani wanaitaka hiyo. Je, Tron ina mambo haya?

BintiKibokoni

Inayo. `approve` ipo vile vile, na wezi wapo vile vile. Tofauti ni kwamba orodha utaitazama kwenye Tronscan, na kufuta kunahitaji TRX kidogo ya nishati. Kama huna TRX, USDT inaweza kukaa pale na ruhusa wazi huku ukitafuta wa kukuuzia TRX ya elfu moja. Weka akiba kabla.

MtuWaGanjoni

Nimeangalia. Nina mmoja wa `Unlimited` tangu 2023, mkataba siukumbuki kabisa. Nautuma hapa mnisaidie kuusoma?

BintiKibokoni

Tuma anwani ya mkataba. Yako usiiweke hadharani.